"Panga hii": Alhamisi moja, shughuli tano, mtu mmoja

*Shikamoo mama. Nina miezi mitatu tu kama msaidizi wa mkurugenzi kwenye kampuni ya mawese na sabuni hapa Mwanga, Kigoma. Jana usiku bosi (ni mama) kanitumia wasapu skrinshoti ya kalenda ya simu yake, Alhamisi tarehe 20, na maneno mawili: "Panga hii." Juu kabisa kuna mstari umeandikwa VAT. Chini yake: 09:00–13:00 Kikao wadau; 10:00–11:00 Benki; 10:00–11:00 Kalemie; 12:00–13:00 Mazishi Uj…; 13:00–17:00 Kasulu wakul… Vyote vimepandana. Nianzie wapi, na kipi kipishe? Naogopa kumuuliza maswali mengi, ataona kazi imenishinda.*

Marahaba mwanangu. Ahsante pia kwa kunijibu haraka yale maswali niliyokurudishia, maana bila majibu hayo ningekuwa napiga ramli. Nilisomea uhazili Tabora, enzi ambazo tulipimwa kwa hatimkato, maneno 100 kwa dakika, na shajara ya bosi ilikuwa daftari kubwa lenye kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi. Daftari lile lilikuwa na faida moja: shughuli haikuingia humo mpaka imepita mikononi mwako. Siku hizi kila mtu anaingiza chake: bosi mwenyewe, afisa wa benki kwa baruapepe, shemeji yuko Dar. Kwa hiyo unapoona masanduku yamepandana, usikimbilie kuuliza kipi kina uzito zaidi. Uliza kwanza kama yamepandana kweli.

Anza na picha yenyewe, ule ukingo wa juu ambao hakuna anayeutazama. Pale pana saa ya simu ya bosi wakati alipopiga picha. Ilinganishe na saa ambayo ujumbe wake umeingia kwako. Zikikaribiana, endelea. Zikipishana saa moja kamili, simama. Burundi na upande wa pili wa ziwa, Kalemie na Uvira, wako saa moja nyuma yetu, na simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe inafuata mnara iliouona. Ikiwa Bujumbura, shughuli ya saa 10:00 ya Kigoma inaonekana kwenye kioo kama 09:00. Bosi mmoja niliyemfanyia kazi alinitumia picha ya namna hiyo akiwa Bujumbura. Nikapanga siku yake nzima kwa saa za kwenye picha, nikampigia kila mhusika, nikathibitisha. Aliporudi akafika ukumbini saa moja kabla ya kila mtu, akakuta viti bado vimepangwa juu kwa juu na mzee wa usafi anamwaga maji. Hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma. Picha yako, kwa uliyoniambia, iko salama: 21:14 kwenye kioo, na ujumbe umeingia 21:15.

La pili, usipange kwa kutumia picha peke yake. Picha inakata majina ("Mazishi Uj…") na inaonyesha saa zile tu zilizokuwa kwenye kioo. Nilikwambia umwombe bosi afungue kalenda yake ya Google, aguse ile mistari mitatu ya pembeni, achague `Schedule`, kisha akutumie picha nyingine. Mwonekano huo hupanga shughuli kama orodha, jina na muda wake, hata za usiku wa manane. Umeona kilichotokea: pamejitokeza "Fundi jenereta, 03:00", ambayo haikuwemo kwenye picha ya kwanza kwa sababu ile ilianzia asubuhi. Hakuna fundi wa saa tisa usiku. Bosi alimaanisha saa 3 asubuhi, akaandika 3, na simu haijui Kiswahili cha saa. Kosa hili utalikuta kila wiki, na alama yake ni moja: ukijumlisha au kutoa saa sita, shughuli inakuwa na akili. Mkutano wa saa 10 usiku ni wa saa nne asubuhi. Kwa fundi huyu, umeniambia bosi hahitajiki, mkuu wa mitambo yupo. Mwarifu mkuu wa mitambo, rekebisha saa, tusimtaje tena.

Hapa chini nikiandika saa kwa kawaida yetu, ni saa yetu. Tarakimu zenye nukta mbili zisizotanguliwa na neno "saa" ni za simu.

Sasa tuchuje. Ule mstari wa VAT juu ya siku haugongani na chochote. Ni tarehe ya mwisho. Ritani ya VAT ya mwezi uliopita inatakiwa ifike TRA tarehe 20, na kazi yenyewe ni ya mhasibu. Kinachotoka kwa bosi ni kuipitia na kukubali malipo, labda nusu saa. Lakini nusu saa hiyo isiwe ya Alhamisi, maana siku ya mwisho ndiyo siku ambayo mtandao unalemewa na umeme unakatika. Ipeleke Jumanne jioni, iandike kama shughuli yenye saa, na ule mstari uache palepale kama ukumbusho. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa bila saa ya kuifanyia kazi ni deni lisilo na siku ya kulipwa.

Kalemie. Ulipompigia yule mnunuzi alisema, "Tulikubaliana saa nne." Ukamuuliza saa nne ya wapi, akacheka: ya kwao. Saa nne ya Kalemie ni saa tano ya Kigoma. Bosi aliandika 10:00 kama alivyoisikia, na simu ikachukulia ni 10:00 ya hapa. Kwa hiyo Kalemie na Benki hazikuwahi kugongana. Tena muda wake si saa nzima. Kalenda ya Google, usipoiambia muda, inakupa dakika 60, na watu wengi hawaibadilishi. Ukiona masanduku ya saa moja moja yamejipanga, jua mengi yake hakuna aliyeyapima. Simu ya bei ya mafuta ni dakika 20.

Benki. Umeniambia kisanduku chake kina mstari wa rangi pembeni tu, ndani ni cheupe, wakati vingine vimejaa rangi. Maana yake ni kwamba mwaliko umeingia na bosi hajaujibu. Angesema labda, ungekuwa na mistari ya mshazari. Angekataa, jina lingekatwa kwa mstari. Kwa hiyo saa nne ya Alhamisi ni pendekezo la afisa mikopo. Bosi wako hajaahidi kitu, na kisichoahidiwa kinasogea bila kumvunjia mtu heshima. Zingatia sana tofauti hiyo, inafanya nusu ya kazi.

Sasa mazishi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wasaidizi wengi wanapoharibu kwa kudhani wanajua.

Kwanza muda. Aliyeiandika ni shemeji wa bosi aliyeko Dar, kaandika 12:00 hadi 13:00 kwa sababu tangazo lilisema "baada ya swala ya adhuhuri". Yeye Dar ana jua la Dar. Sisi tunatumia saa moja na wao lakini tuko mbali nao magharibi, na jua linafika utosini Kigoma karibu saa 7 kamili, robo saa mbele au nyuma kutegemea majira. Dar linafika utosini zaidi ya nusu saa kabla yetu. Kwa hiyo swala ya adhuhuri Ujiji ni baada ya saa 7, na jeneza halitafika makaburini kabla ya saa 7 na nusu, pengine saa 8. Sanduku la 12:00 limekosea.

Ungeishia hapo ungefurahi: mazishi yametoka kwenye kikao, sasa yanagongana na Kasulu tu. Lakini uliza swali la pili: bosi wako anatakiwa awe wapi hasa? Marehemu ni mama mdogo wa mumewe, msiba ni wa Kiislamu, Ujiji. Wanawake wengi kwetu hawafuati jeneza makaburini, wanabaki nyumbani. Mkwe wa kike anaonekana, au hakuonekana, pale nyumbani kabla maiti haijatolewa kwenda kuswaliwa. Kwa hiyo saa inayomhusu bosi si saa 8 ya makaburini. Ni saa 6 na robo, saa 6 na nusu ya Ujiji, akiwa amekaa na wafiwa. Sanduku tuliloliondoa kwenye kikao limerudi kwenye kikao. Saa iliyoandikwa ilikuwa ya makosa, na mgongano ulikuwa wa kweli kwa sababu nyingine kabisa.

Ndiyo maana nakwambia usiseme "msiba ni msiba, bosi ataenda". Msiba una vipande vyake: kwenda usiku wa kwanza, kuwepo jeneza linapotoka, mazishi, dua ya siku ya tatu, arobaini. Kuna misiba ambayo mtu akienda jioni kutoa pole hakuna atakayeuliza. Ipo ambayo asipokuwepo kwenye kipande kimoja hasa, atasikia maneno miaka kumi. Kipande hicho anakijua mwenye ndoa yake. Wewe kazi yako ni kumwonyesha kipande kipi kinagharimu nini, kisha yeye aseme.

Baada ya kuchuja, tumebaki na nini? Mgongano wa kweli ni mmoja wa asubuhi, kikao dhidi ya msiba kuanzia saa 6 hivi, na mmoja wa mchana, msiba dhidi ya Kasulu. Kutoka fujo ya masanduku sita tumefika kwenye migongano miwili. Kalemie na Benki zimekaa ndani ya muda wa kikao, nitazirudia.

Kwa kila kilichobaki mimi huuliza mambo matatu. Kinaweza kusogea? Kama hakisogei, kinaweza kuhudhuriwa na mtu mwingine? Na kikisogea, nani analipa? Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, kwa sababu mara nyingi anayelipa hana namba yako ya simu.

Kikao cha wadau wa michikichi. Hakisogei, ni cha mkoa, wamealikwa watu wengi. Lakini soma barua ya mwaliko, si kichwa cha kwenye kalenda. Barua uliyonisomea inasema "wewe binafsi au mwakilishi wako", na ratiba iliyoambatishwa inampa bosi wako dakika 15 kuanzia saa 3:45, kueleza ununuzi wa mise, kokwa za chikichi, kutoka kwa wakulima. Hivyo mkoa unamhitaji mahali pamoja, kwenye zile dakika 15, na sehemu iliyobaki ni kusikiliza na maazimio. Weka nafasi ya kuchelewa: vikao vya namna hii husubiri mgeni rasmi, saa 3:45 inaweza kuwa saa 4 na nusu. Hata ikichelewa saa nzima, amemaliza kabla ya saa 5 na robo. Meneja uzalishaji aende naye tangu asubuhi, akae kiti cha jirani, abaki hadi maazimio. Usimlete katikati, anayeingia saa 5 na nusu kushika kiti cha mwingine anaonekana kama kiraka, na hajui kilichosemwa.

Kasulu. Hapa nataka unisikilize vizuri, maana najua mkono wako ungeenda wapi. Ungesema wakulima ndio wapishe, na ungekuwa sahihi, lakini ungefanya hivyo kwa sababu mbaya: kwamba wao hawatalalamika. Benki italalamika kwa baruapepe, mkoa utalalamika kwa simu, na mkulima aliyepanda bodaboda kutoka kijijini kuja kusubiri mtu asiyekuja hatakuandikia popote. Msimu ukifika atapeleka mise kwa mnunuzi mwingine, na bosi hatajua kilichotokea. Gharama ya kuwasogeza inategemea siku unayowaambia. Leo Jumatatu, katibu wa chama cha msingi ana muda wa kupitisha habari kwa wenyeviti wa vitongoji, na gharama ni ndogo. Alhamisi asubuhi nusu yao wako njiani.

Je, bosi angeweza kufanya vyote, msiba kisha Kasulu? Piga hesabu. Jeneza likitoka saa 7, hawezi kunyanyuka papo hapo. Aondoke saa 8. Kasulu ni karibu kilometa 100, na kabla ya hapo atoke Ujiji. Afike saa 10, akute watu waliokaa tangu saa 7 wakiangalia jua. Aongee nusu saa kwa haraka, arudi usiku. Sanduku lilisema 13:00 hadi 17:00 na halikuwa na barabara ndani yake. Kila shughuli ya nje ya mji iandikie safari kama shughuli yake mwenyewe, kwenda na kurudi, la sivyo kalenda itakudanganya kila wiki.

Kumtuma afisa ugani badala yake? Ningekubali kama ingekuwa ziara ya kawaida. Lakini umesema anakwenda kutangaza bei ya msimu, na mwaka jana bei ilitangazwa na mwakilishi, ikabadilika baada ya wiki mbili. Wakulima wanataka kuisikia mdomoni mwake. Basi isogee, isiwakilishwe.

Isogee lini? Mwenyekiti wa chama alikutajia Jumamosi. Nikakuuliza kuhusu Wasabato, ukasema ni wengi pale. Jumamosi imekufa. Ijumaa alasiri Waislamu watafika wamechoka au hawatafika. Ijumaa saa 3 asubuhi inawezekana: wamalize saa 5, kila mtu arudi kwake kabla ya swala. Bosi aondoke Kigoma saa 12 na nusu alfajiri. Si raha, hasa baada ya siku ya msiba, lakini afadhali yeye aamke mapema kuliko watu arobaini warudi nyumbani mikono mitupu.

Na sasa Benki, ambayo kila mtu angeifikiria kuwa nyepesi. Nilikuuliza mkopo ni wa nini. Ukajibu: wa kununulia mise. Unaona? Kusaini benki kunatangulia kutangaza bei Kasulu. Bosi hawezi kusimama mbele ya wakulima akataja bei ambayo fedha zake hazijasainiwa. Kalenda haionyeshi kwamba shughuli moja ni mama wa nyingine. Yenyewe inajua saa tu. Ungesogeza Benki hadi Jumatatu ijayo kwa kuwa afisa ni mpole na barua ya ofa ina muda hadi mwisho wa mwezi, ungekuwa umeiharibu Ijumaa bila kujua. Kwa hiyo Benki haisogei mbele, inarudi nyuma: Jumatano alasiri. Haiwezi kuwakilishwa, sahihi ni yake.

Kalemie inabaki saa 5 Alhamisi, ila mtu mwingine ndiye aongee. Usimpe bosi simu hiyo wakati wa chai ya kikao. Chai ya kikao haina saa ya kuaminika, na koridoni kuna masikio. Meneja mauzo apige, akiwa amepewa na bosi bei ya chini kabisa asiyoweza kuishusha zaidi. Bila bei hiyo atakuwa anapokea salamu tu.

Kabla hujamwandikia bosi, fanya kitu kimoja: ulizia nafasi bila kusogeza. Ni vitu viwili tofauti. Ukimpigia afisa mikopo ukasema "Je, Jumatano saa 9 alasiri ungekuwa na nafasi, nikimwuliza mkurugenzi?" hujabadilisha chochote. Ukisema "Tumehamishia Jumatano," umeahidi kwa mdomo wa mtu mwingine. Kwenye kalenda yenyewe usiguse chochote mpaka bosi amekubali. Na ukija kugusa, hariri, usifute: shughuli aliyoiandaa bosi ukiifuta inatoweka hata kwenye simu za walioalikwa, nao hawajui imehama au imekufa. Ikiwa ni ya kujirudia kila wiki, simu itakuuliza, chagua `This event`. Ukigusa `All events` umehamisha Alhamisi za mwaka mzima. Nimewahi kumwona mtu analia kwa hilo.

Sasa ujumbe wako. Umesema unaogopa kuuliza maswali mengi, na hofu hiyo ina sehemu ya ukweli: mtu aliyeandika "Panga hii" saa tatu usiku hataki maswali sita asubuhi. Lakini hataki pia kushtukizwa. Mpe mpango uliokamilika na uamuzi mmoja tu wa kufanya, ule ambao ni wake peke yake. Ningeandika hivi:

"Shikamoo mama. Alhamisi tarehe 20 iko hivi. Saa 3 kikao, unaongea saa 3:45, meneja uzalishaji yuko nawe na atabaki hadi mwisho. Utoke saa 5:45 kwenda Ujiji, uwe nyumbani kabla jeneza halijatoka. Swala ni baada ya saa 7, siyo saa 6 kama ilivyoandikwa. Kalemie ni saa 5 yetu, naomba meneja mauzo aongee, nitumie bei ya chini. Benki wana nafasi Jumatano saa 9 alasiri, iwe kabla ya Kasulu kwa ajili ya ule mkopo, sijathibitisha. Kasulu haiwezekani Alhamisi, mwenyekiti anasema Ijumaa saa 3 asubuhi watu watakuwepo, sijathibitisha. VAT mhasibu atakuletea kesho jioni. La kuamua wewe: Ujiji unataka kuwepo kabla jeneza kutoka, au uende baada ya kikao? Naomba jibu kabla ya saa 4 kesho asubuhi, wakulima wapate habari mapema."

Angalia lile "sijathibitisha", mara mbili. Linamwambia kwamba bado mlango uko wazi. Na saa ya kujibu ina sababu yake imeandikwa, kwa hiyo haisikiki kama amri kwa mkubwa.

Akijibu "Sawa" tu, jua kwamba amekubali mpango lakini hajajibu swali. Msiba wa ukweni usiufanyie kazi kwa "Sawa". Mpigie, sema: "Mama, kuhusu Ujiji, kabla au baada?" Ni sentensi moja. Akisema baada, unafuta ile saa 5:45 na mengine yote yanabaki yalivyo. Mpango mzuri ni ule ambao jibu moja haliubomoi wote. Na bei ya chini usipoipata hadi Jumatano mchana, mkumbushe atakapotoka benki, wakati hesabu bado ziko kichwani.

Ukishakubaliwa, wapigie kwa utaratibu huu: Kasulu kwanza, kwa sababu ndiko habari inakosafiri taratibu, kisha Benki, kisha waliomo ndani ya ofisi. Kwa mwenyekiti wa chama usieleze msiba wa nani wala ukoo upi. "Mkurugenzi ana msiba wa familia" yatosha. Atakupa pole na atawaeleza watu wake kwa namna ambayo barua yoyote isingeweza.

Alhamisi yenyewe usimpigie bosi saa 5:40 akiwa mstari wa mbele ukumbini, simu ikaanza kuimba. Mwandikie dereva aweke gari mlangoni, khanga ya msibani iwe kiti cha nyuma, na meneja uzalishaji awe na kikaratasi mfukoni chenye neno moja, "Gari", akisogeze mezani wakati ukifika.